Nije na Shilingi Ngapi?

Kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, Marikiti, Mombasa, hapapitiki. Barabara ya Digo imeziba, mikokoteni ya mahamali yapiga kelele watu wapishe, na ndani ya soko harufu ya karafuu na bizari yakupokea kabla hujamwona muuzaji. Wakati huo ndio ambao Mwanatumu, aliyeachiwa kibanda cha viungo na mamake, aliamua naye atoe ofa ya Idd. Wenziwe wote walikuwa na ofa. Yeye alikuwa hajawahi kuandika tangazo maishani.

Aliliandika usiku baada ya tarawehe, akaliweka kwenye stetasi ya WhatsApp na kulituma kwa wateja aliokuwa na namba zao:

"Ramadhani Karimu na Idd Mubarak wapenzi wateja! Msimu wa neema umewadia! Mwanatumu Viungo yawaletea OFA KABAMBE isiyo na mfano! Viungo bora vya pilau kwa bei za kutupa! Punguzo kubwa mno! Wahi sasa ujionee mwenyewe! Ofa ni mpaka Idd. Masharti yatazingatiwa."

Hayo masharti hayakuwapo. Aliyaona kwenye matangazo ya maduka makubwa akadhani ndivyo inavyoandikwa.

Asubuhi simu ilijaa. "Bei gani?" "Dada, bei?" "Kwani ni viungo gani?" "Na iliki imo?" Mwanatumu alijibu mmoja mmoja huku akipima, wateja waliosimama mbele yake wakingoja, na kila alipomjibu mmoja waliingia wawili wenye swali lilelile.

Alasiri alifika mama mmoja kutoka Likoni. Alikuwa amevuka na feri, amepanda matatu, yuko na saumu yake, jasho lamtiririka chini ya buibui.

"Nipimie iliki robo kilo, mwanangu. Ya ile ofa."

"Iliki haimo mamangu. Ofa ni ya pakiti za pilau."

Mama hakupandisha sauti. Alitoa simu, akaisogeza mbali na macho, akasoma pole pole: "Viungo bora... punguzo kubwa mno." Akamtazama. "Iliki si kiungo?"

Mwanatumu alikosa la kusema. Iliki ndiyo ghali kuliko vyote mezani pale. Kupunguza bei yake ni kuuza kwa hasara. Mama alirudisha simu mkobani, akasema haya, Mungu akuzidishie, akaondoka mikono mitupu kurudi kivukoni.

Jirani yake sokoni, Bi Zuhura, muuza tende wa siku nyingi, alikuwa ameona yote.

"Hebu nisomee hilo tangazo. Miwani nimeiacha nyumbani."

Mwanatumu akasoma lote, hadi kwenye masharti. Bi Zuhura akasikiliza ameinamisha kichwa.

"Sawa. Sasa mimi ni mteja, niko kwangu Kisauni. Nije na shilingi ngapi?"

"Mia tatu na ishirini."

"Hilo umeniambia wewe. Tangazo halikuniambia."

Swali hilo lilimkaa Mwanatumu kichwani kuliko lawama yoyote. Baada ya futari aliketi na nduguye mdogo, Salimu, wakaanza upya, na safari hii walianza na daftari la hesabu. Pakiti moja ilikuwa na bizari nzima gramu 100, pilipili manga 40, mdalasini 30, iliki 20 na karafuu 10. Jumla gramu 200. Kwa bei aliyonunulia, vitu hivyo vilimgharimu shilingi 263. Siku zote aliiuza 400. Akiuza 320 abaki na 57, na kwa pakiti 120 alizokwisha kufunga, hiyo ni faida anayoweza kuishi nayo.

"Andika ilikuwa 500," Salimu akasema. "Punguzo litaonekana kubwa."

"Mama Hadija alinunua kwa 400 mwezi wa Shaabani. Na mamake Omari. Wataniangalia vipi?"

Salimu akanyamaza. Mimi naona hapo ndipo Mwanatumu alipokuwa mfanyabiashara hasa, kwa sababu bei ya zamani ya uongo ni rahisi kuandika na hakuna askari wa kuja kuuliza. Atakayejua ni mteja wako wa kila siku, yule yule unayemtegemea Idd ikishapita.

Iliki ikaleta mvutano mwingine. Mwanatumu aliogopa kwamba akiandika haina punguzo atafukuza watu. Lakini akamkumbuka yule mama kivukoni na saumu yake, akaandika.

Kilichowachukua muda zaidi ni siku ya mwisho. "Mpaka Idd" ilisikika vizuri, ila Idd ni lini? Mwezi ukiandama usiku wa kuamkia thelathini, watu wanaswali kesho yake. Usipoonekana, wanakamilisha siku 30. Na hapo mtaani kuna waliofuata mwezi wa Makka wakaanza kufunga siku moja kabla ya wengine, kwa hiyo hata ukisema "mwisho ishirini na tisa" utaulizwa ishirini na tisa ya nani. Salimu alitaka waandike "mpaka Kadhi Mkuu atangaze." Mwanatumu akakataa: tangazo la Kadhi huja usiku, kibanda kimefungwa. Akachagua Jumatano, ambayo ni Jumatano kwa kila mtu.

Tangazo la pili lilikuwa hivi:

"Mwanatumu Viungo, Marikiti, upande wa viungo, jirani na Bi Zuhura wa tende.

Pakiti ya viungo vya pilau, gramu 200: shilingi 320. Bei ya kawaida ni 400.

Ndani: bizari nzima, pilipili manga, mdalasini, iliki, karafuu. Havijasagwa.

Ziko pakiti 120. Mwisho ni Jumatano saa kumi alasiri, au zikiisha kabla. Unaweza kununua hata moja. Pesa taslimu au M-Pesa, bei ni ile ile.

Viungo vya kupima, pamoja na iliki, vina bei ya kawaida.

Idd njema."

Kabla ya kulituma alimpigia Bi Zuhura akamsomea.

"Nikitaka mbili nije na 640," Bi Zuhura akasema. "Basi. Tuma, nikalale."

Kwanza alimtumia yule mama wa Likoni, aliyekuwa miongoni mwa namba zake, akamwomba radhi kwa safari ile. Halafu akawatumia wengine.

Jumatatu maswali yalipungua, na yaliyokuja yalikuwa ya maana: mmoja aliuliza kama anaweza kusagiwa, mwingine kama kuna mtu wa kumletea Nyali. Wateja walifika na pesa mkononi zimekwisha kuhesabiwa. Msichana mmoja aliweka noti ya 200 na ya 100 na sarafu ya 20 mezani, akachukua pakiti yake, akaenda zake bila hata kuuliza, kwani ametumwa na mamake na kaelezwa kila kitu.

Jumanne saa saba mchana pakiti ya mwisho ikatoka. Salimu akasema waongeze nyingine kimya kimya, wateja wangali wanakuja. Mwanatumu akapiga hesabu: bizari ya kufungia mzigo mpya ilikuwa imepanda bei kwa muuzaji wa jumla. Akaandika palepale amesimama:

"Pakiti za 320 zimekwisha leo saa saba. Kuanzia sasa pakiti ni 400. Iliki ya kupima ipo."

Simu ikalia. Alikuwa yule mama wa Likoni.

"Nimesoma. Kwa hivyo kesho nikija ni mia nne?"

"Ni mia nne, mamangu."

"Niwekee mbili. Na iliki robo, kwa bei yako ya kila siku."