Jina la Soko la Kariakoo lisiguswe

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie pendekezo linalozunguka miongoni mwetu wafanyabiashara: kwamba Soko la Kariakoo, kwa kuwa limejengwa upya baada ya moto wa Julai 2021, sasa lipewe jina la kiongozi. Napinga kwa nguvu zote.

Wanaolitetea wanasema Kariakoo ni jina la mkoloni. Jina limetokana na kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza, kilichopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Lakini waliobeba mizigo hawakuwa Waingereza. Walikuwa watu wetu, wa bara na wa pwani, wengi wao wakichukuliwa kwa nguvu, wakabebeshwa risasi na unga kulifuata jeshi porini. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Mnara wa Askari pale katikati ya jiji, uliosimamishwa 1927, unawataja wapagazi kwa ujumla tu, na sanamu iliyo juu yake ni ya mwenye bunduki. Hakuna mbeba mzigo mwenye jina pale. Kumbukumbu yao inayotamkwa kila siku, na kila konda wa daladala, ni hii Kariakoo. Nani tena atawakumbuka tukiifuta?

Tena nchi hii haikusinzia kwenye suala la majina. Barabara iliyokuwa ya Akasia leo ni Samora. Hata hivyo, jengo la soko lililobuniwa na Mtanzania mwenzetu, msanifu Beda Amuli, lilipofunguliwa 1975, liliitwa Kariakoo. Waliong'oa bendera ya mkoloni hawakuona aibu kulitumia jina hilo, nasi tusijifanye wazalendo kuliko wao.

Mimi nauza nafaka Mtaa wa Mkunguni. Wateja wangu wanatoka Lubumbashi, Lusaka na Moroni, na wapo wasioijua mitaa mingine ya jiji hili, lakini Kariakoo wanaifahamu kabla hawajapanda basi au meli. Jina hilo limejengwa na vizazi vya wachuuzi, makuli na mama lishe, na hakuna bango linaloweza kulinunua. Gharama ya kubadilisha mihuri, leseni na risiti siizungumzii sana, ingawa itatuangukia sisi.

Kiongozi anastahili heshima, sibishi. Apewe shule mpya, au barabara isiyo na jina bado; zipo nyingi pembezoni mwa jiji.

Ninachoomba kwa wahusika ni mambo mawili. Kwanza, pendekezo hili liondolewe mezani kabla halijafika kwenye kikao chochote cha uamuzi. Pili, kwenye lango kuu la soko kiwekwe kibao kwa Kiswahili kinachoeleza wapagazi walikuwa nani na walikufaje, ili kijana anayeshusha gunia pale asome.

Muuza nafaka,
Kariakoo, Ilala,
Dar es Salaam