Bathdei ya dada, meseji moja mara tatu

GRUPU LA FAMILIA (naituma mapema, kabla ami hajaanza voisnoti zake za dakika nne)

Asalam aleykum wazee wangu, makhalati, maami, na nyinyi watoto mnaosoma mkanyamaza 😂 Leo dada etu mkubwa atimiza 40 mashallah, na bado makanga wa matatu wamwita siste. Mungu amzidishie umri wenye kheri na afya, na amuweke pale pale jikoni maana sisi wengine hata chapati zatushinda. Khalati, ile hadithi ya usiku aliozaliwa tuwekee Jumapili, tuisikie tukila.

Jumapili baada ya adhuhuri, kwake Majengo. Pilau juu yangu, kaimati mamdogo, madafu watu wa Likoni na tafadhalini feri mwaijua, msije mkanambia saa nane ati bado mko foleni. Keki nshaagiza, kila mtu mia tano kwa Mpesa yangu, nawajua wote ambao hamkutoa Idi.

Dada najua uko humu ndani. Jifanye hujaona.

KWAKE PEKE YAKE

Dada, shikamoo. Ya grupu ushacheka, sasa nisikize kidogo.

Nilipokuwa fomu tatu nikarudishwa nyumbani kwa ajili ya fizi, kesho yake asubuhi ukanipa pesa zote ukasema umepokea chama. Nilijua siku ile ile, kwa sababu ulipokuwa wanimiminia chai mkono haukulia, zile bangili mbili alizokuachia mama hazikuwepo. Sikusema kitu, nikachukua pesa nikaenda, na mpaka leo kila nikisikia bangili zikigongana mahali moyo wanidunda. Miaka 13 hiyo. Nisamehe kwa kunyamaza.

Zile hazirudi najua, lakini kuna sonara ananitengenezea nyingine, moja nshalipa nusu, ya pili tutaona. Usimwambie mtu. Na kliniki ya presha Alhamisi takupeleka mwenyewe, usinambie wajisikia vizuri.

Usinijibu kwa voisnoti, niko kazini nitalia mbele ya watu.

POSTI YA FESIBUKU (picha ni ile ya leso ya manjano pale Mama Ngina, kaichagua mwenyewe, ile aliyofumba macho nliambiwa nikiiweka nitafute kwengine kwa kula)

Watu wa Mombasa, kama ushawahi kuchelewa kazini kwa sababu ya foleni ya mbaazi na mahamri Majengo, basi mwenye sufuria leo ni siku yake 🎂 Amenilea, amenisomesha, na mpaka leo nikienda pale bado anilipisha kama mteja. Umri msiniulize, mimi Jumapili nataka kula.

Hepi bathdei dada angu, Mungu akuweke.

Nyote mnaouliza inboksi: leo hakuna mbaazi, apumzika. Kesho saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida, na njooni na chenji.