Dua ya Kuanzia Kazi

(Isomwe kabla ya kupanga bidhaa au kuwasha gari)

Wote

Mola kumekucha tena, mbele zako twasimama,
Kabla hatujaonana, wala neno kulisema,
Twakuita wewe Bwana, uliyetupa uzima,
Utushike kwa huruma, tunapokwenda kazini.

Mikono hii ni yako, wewe umetujalia,
Ina sugu za mfuko, na jua laipitia,
Ina harufu ya soko, na ya grisi na ya gia,
Ndiyo tunayokujia, wala hatuoni soni.

Mwenye meza

Turubai nafungua, umande wanidondoka,
Kitambaa nachukua, vumbi mezani kutoka,
Mizani ninaitua, sindano nikaiweka,
Sufurini ikifika, ndipo napima yakini.

Unizuie kidole, kisije kikakandia,
Ajaye na shida tele, haki nisije mlia,
Vitabu vyako vya kale, wapunjao vyakemea,
Heri kidogo kutia, cha halali, mfukoni.

Akija asiye nayo, ananong'ona kukopa,
Nimtazame kwa moyo, bila uso kuukwepa,
Hali yangu ndiyo hiyo, nami kesho nitakopa,
Kama naweza kumpa, nisimseme sokoni.

Na siku isiyo mtu, kutwa nzima nimekaa,
Mezani hakuna kitu, mteja alichotwaa,
Na jirani, ndugu yetu, wateja wamemjaa,
Wivu usije nivaa, ukajijenga moyoni.

Dereva

Nami ninayeendesha, nimelizunguka gari,
Nati nimehakikisha, tairi zipo tayari,
Taa nimeshaziwasha, breki hazina dosari,
Kilichobaki ni siri, yako huko safarini.

Nikumbushe nyuma yangu, nabeba mama wa mtu,
Si abiria mafungu, si hesabu ya viti tu,
Mwana akivuka, Mungu, kashika chake kiatu,
Usiwe mguu butu, kukanyaga breki chini.

Mwenzangu akinipita, mbele akatangulia,
Nisije ingia vita, kona nikaipasua,
Usingizi ukivuta, macho yakajifungia,
Nipe moyo wa kutua, nisimame pembezoni.

Abiria akifoka, nauli akibishia,
Neno likitaka toka, la tusi la kurudia,
Nizime moto kuwaka, nicheke na kumwachia,
Na chenji yake kutia, yote, kwake mkononi.

Wote

Uwakumbuke na wale, watushikao mkono,
Mchukuzi mbele kule, na gunia la mavuno,
Utingo mwenye kelele, koo lakauka mno,
Jasho lao ni maneno, ya dua, uyathamini.

Jioni, kiwe kidogo, au kiwe kingi sana,
Kiingie bila zogo, nyumbani kwa kila mwana,
Tulipe wenye mizigo, walotukopesha jana,
Amina. Tumeagana, wa meza na usukani.