Ukaguzi wa faili la viza ya Ujerumani: Mwalimu Zaina na Nasra, hadi Jumatatu 13 Aprili 2026

Salaam aleikum Mwalimu Zaina,

Nimefungua faili zote 21 ulizoweka kwenye folda ya "Viza Ujerumani Juni" na kuzipitisha moja moja kwenye orodha ya ubalozi uliyotutumia, ile ya kutembelea ndugu. Karatasi nyingi unazo. Shida kubwa ni kwamba baadhi hazikubaliani zenyewe kwa zenyewe, na faili lako halina nafasi ya kurudishwa. Miadi ni Jumanne 28 Aprili, ndege ni usiku wa Jumapili 7 Juni. Kwa kawaida ubalozi hutoa uamuzi ndani ya siku 15 tangu maombi yapokelewe rasmi, lakini kanuni za Shengeni zinauruhusu kwenda hadi siku 45 pale unapotaka kuchunguza zaidi. Ukihesabu siku 45 kutoka tarehe 28 Aprili unaangukia 12 Juni, nawe unatakiwa uwe umeshafika kwa dada yako Kassel. Kwa hiyo tusiwape sababu ya kuuliza.

Anza na pasipoti ya Nasra

Pasipoti ya mtoto inaisha 19 Septemba 2026. Sharti ni kwamba iendelee kuwa hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka eneo la Shengeni. Bukingi yako inaonyesha mnatoka Frankfurt 28 Juni, maana yake pasipoti ilitakiwa ifike 28 Septemba. Zimepungua siku 9. Dirishani hawatazifumbia macho.

Njia ni mbili. Ya kwanza, mwombee pasipoti mpya Uhamiaji wiki hii; ada ni shilingi 150,000. Ya pili, mrudi mapema, tarehe 18 Juni, ibaki pasipoti ile ile. Hiyo ya pili inakupa ziada ya siku moja tu, siipendi, na unapoteza siku 10 za kukaa na dada yako. Nashauri pasipoti mpya, ila tuweke mpaka: ikifika Jumatano 22 Aprili hujaishika mkononi, tunahamia njia ya pili na kubadili bukingi siku hiyo hiyo.

Mpaka hilo la pasipoti lijulikane, usichapishe fomu ya Nasra, usirekebishe bima yake, wala baba yake asisaini ridhaa. Zote zinabeba namba ya pasipoti. Ukizitengeneza leo na namba ya zamani, utazirudia zote. Pasipoti ikitoka, ya zamani usiiache nyumbani; njoo nayo.

Pasipoti yako wewe iko sawa: imetolewa 2018, haijafikisha miaka 10, inaisha 2028, na kurasa tupu ni zaidi ya 2 zinazotakiwa.

Karatasi ya udhamini kutoka kwa dada

Faili `Scan_0007.pdf` ndiyo karatasi yenye kichwa Verpflichtungserklärung, ile dada aliyosaini ofisi ya wageni ya Kassel tarehe 2 Machi. Nimeangalia sehemu inayojazwa na ofisi kuhusu uwezo wake wa kifedha: wameweka nachgewiesen, yaani umethibitishwa kwa vielelezo. Hilo ndilo ubalozi unalitaka. Jina lako na namba ya pasipoti yako vimeandikwa sawasawa.

Lakini mstari wa watoto wanaoandamana na mgeni umeachwa wazi. Kwa karatasi hii dada amekudhamini wewe peke yako, Nasra hayumo. Mwombe leo hii aandike barua pepe ofisini kwao kuomba nyingine yenye jina la mtoto na tarehe yake ya kuzaliwa. Ada huwa euro 29. Miadi ya ofisi hizo huchukua muda, kwa hiyo asisubiri mwisho wa wiki. Na ikipatikana, inatakiwa karatasi halisi ije kwa kampuni ya vifurushi. Skani haipokelewi, na hata hii ya sasa bado sijaona popote ulipoandika kwamba halisi yake imeshatumwa. Nijulishe.

Asipopata nafasi kabla ya tarehe 28, gharama za Nasra zitasimama juu ya akaunti yako, na hapo taarifa ya benki inabeba mzigo ambao mwanzo haikuwa nao.

Benki na mshahara

Umetuma picha 4 za skrini ya simu kutoka kwenye programu ya benki. Hazipokelewi. Nenda tawini Tanga, omba taarifa ya miezi 3, kuanzia Januari hadi siku utakayokwenda, kila ukurasa uwe na muhuri. Mwambie mhudumu jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, ZAINA SALIM MBWANA. Kwenye picha ulizotuma linasomeka ZAINABU S MBWANA. Kama benki haiwezi kulibadilisha kwa siku chache, waombe barua fupi inayosema mwenye akaunti hiyo na mwenye pasipoti yako ni mtu mmoja.

Salio ni shilingi 7,840,000, lakini 6,000,000 kati ya hizo ziliingia kwa mkupuo tarehe 30 Machi. Anayekagua viza akiona hivyo hudhani fedha imekopwa ili akaunti ipendeze. Ulisema kwa simu kwamba ni mgao wa kikoba. Vizuri, basi lete ushahidi: kopi ya ukurasa wa daftari la kikoba unaoonyesha mgao wako, pamoja na barua ya katibu yenye saini na namba ya simu. Na fedha hiyo usiitoe hadi uamuzi utoke.

Salari slipi zinatakiwa 3. Faili `salary feb.pdf` na `Document (2).pdf` ni slipi moja ya Februari iliyohifadhiwa kwa majina mawili. Januari ipo. Ya Machi haipo, ipakue.

Barua ya ruhusa na tarehe za kurudi

Barua ya Mkurugenzi wa Jiji inasema likizo ni 8 hadi 26 Juni na utaripoti kazini Jumatatu 29 Juni. Bukingi inasema unaondoka Frankfurt usiku wa Jumapili 28 Juni kupitia Addis Ababa. Utatua Dar es Salaam Jumatatu mchana, halafu kuna basi la Tanga. Siku ya kuripoti itakukuta njiani. Mtu atakayesoma karatasi mbili hizi kwa pamoja ataliona hilo, na swali lake litakuwa kama kweli unarudi kwenye ajira. Kubadili bukingi ni rahisi kuliko kubadili barua yenye kumbukumbu namba: sogeza safari ya kurudi iwe Ijumaa 26 Juni. Usilipie tiketi bado, bukingi inatosha.

(Kurudi tarehe 26 hakuiokoi pasipoti ya Nasra, bado zinapungua siku 7.)

Barua yenyewe ni ya Kiswahili. Orodha inataka kila karatasi iwe ya Kijerumani au Kiingereza, isiyo hivyo iambatane na tafsiri. Hilo linaihusu barua hii na pia ile ya kikoba. Tafsiri ifanywe na mfasiri mwenye muhuri, ibanwe pamoja na kopi ya Kiswahili.

Bima

Hapa wengi hujikwaa. Bima zenu zote mbili zinasema kiwango cha juu ni 30,000, ila sarafu iliyoandikwa ni dola. Sharti ni euro 30,000, na dola 30,000 hazifiki hapo. Rudi kwa wakala akupe ya euro 30,000 au zaidi, inayotaja nchi zote za Shengeni, matibabu ya dharura, kulazwa, na kurudishwa nyumbani kwa ugonjwa au kifo. Tarehe ziwe 8 hadi 28 Juni hata kama mtaondoka tarehe 26. Siku mbili za ziada ni kinga ndege ikiahirishwa.

Nasra: karatasi ambazo hazimo kabisa

Fomu yake ya maombi haipo. Mtoto ana maombi yake mwenyewe, hajazwi ndani ya fomu ya mama. Ijaze kwenye `videx.diplo.de` na isainiwe na wazazi wote wawili.

Ridhaa ya baba haipo. Iandikwe kwa Kiingereza, itaje jina la mtoto, namba ya pasipoti, nchi, tarehe za kwenda na kurudi, na kwamba anasafiri nawe. Baba asaini mbele ya wakili, na iambatane na kopi ya kitambulisho chake chenye saini. Saini ya kwenye ridhaa ifanane na ya kitambulisho.

Barua ya shule haipo pia: darasa analosoma, tarehe za likizo, muhuri wa Mwalimu Mkuu.

Cheti cha kuzaliwa kipo, lakini kinasema HAMISI na pasipoti inasema HAMIS. Kwa kuwa mnaomba pasipoti mpya, waonyeshe Uhamiaji cheti hicho, jina litoke kama lilivyo kwenye cheti. Ukirudi kwenye njia ya pili, itabidi kiapo cha wakili kuhusu jina.

Yaliyobaki, mafupi

Fomu yako wewe umechapisha kurasa za maelezo tu. Ukurasa wenye misimbo ya mistari haumo, na dirishani ndio wanaousoma kwa mashine. Chapisha upya kurasa zote, kwa wino mweusi, bila kukunja.

Picha za wote wawili zina rangi ya buluu iliyokoza nyuma. Piga mpya: milimita 35 kwa 45, nyuma kweupe au kijivu hafifu. Hijabu haina tatizo, ila kwenye picha yako imetupa kivuli kwenye paji la uso. Uso uonekane wazi kuanzia kidevu hadi paji.

Kibali cha ukaazi cha dada umetuma upande wa mbele tu. Nahitaji na wa nyuma. Tena cheti cha kuzaliwa cha dada hakimo. Chako kinataja wazazi wenu, chake ndicho kitakachothibitisha kwamba ni ndugu. Barua yake ya mwaliko iko sawa, hata anwani inalingana na ya udhamini.

Ada siku ya miadi ni euro 90 kwako na euro 45 kwa Nasra, kwa sababu yuko kati ya miaka 6 na 11. Jumla euro 135, italipwa kwa shilingi kwa kiwango cha ubalozi siku hiyo, na hairudishwi hata viza ikikataliwa.

Ukipakia faili mpya, zipe majina ya mtu na karatasi, mfano `Nasra_ridhaa_baba.pdf`, na zile za zamani zihamishie folda ya "Zisitumike" ili tusije tukachapisha bima ya dola kwa bahati mbaya. Nitakagua tena Ijumaa 24 Aprili saa nne asubuhi. Karatasi ya udhamini ikichelewa kufika kutoka Ujerumani, nipigie kabla ya hapo, tuone kama miadi inasogezwa.

Dawati la viza