Mistari imerudi kwenye laptopu mliyoibadilishia kioo: fakitire namba 0471

Lubumbashi, Jumatatu tarehe 17 Novemba 2025

Kwa Bwana Mkuu wa kituo cha kutengeneza simu na kompyuta,
Lubumbashi mjini

Baba,

Pokea salamu zangu. Mimi ni yule mama wa sekretaria ya barabara ya Kasapa, karibu na chuo kikuu, niliyewaletea laptopu nyeusi ya inchi 15.6 tarehe 14 Oktoba. Pengine wewe hunikumbuki, lakini kijana wako wa mapokezi ananikumbuka vizuri, kwa sababu tulibishana juu ya noti. Nitalifikia hilo.

Jumatano iliyopita, tarehe 12, nilirudi kwenu na mashini ile ile, ugonjwa ule ule, nikaambiwa nitoe dola nyingine 35. Sikutoa. Nilichukua mashini yangu nikapanda taksi nikarudi, na barua hii nimengoja siku tano kuiandika ili hasira ipoe kwanza.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Nikifungua kifuniko, picha inakuja nzuri. Nikikisukuma nyuma kidogo, kama mtu anavyokaa kusoma kwa kawaida, upande wa kulia inatokea mistari myembamba ya kusimama, mieupe na mingine ya waridi, imesongamana kama nyuzi za mfuko wa sukari uliofumuka. Halafu picha inatetemeka, inazimika, inarudi. Nikibonyeza kwa kidole gumba pale chini kushoto, karibu na bawaba, inatulia. Nikitoa kidole, inaanza tena. Ndivyo nilivyomweleza fundi wenu mwezi wa kumi, nikamwonyesha na kidole chenyewe kinakaa wapi. Ninyi wenyewe mliandika kwenye fakitire, kwenye mstari wa tatizo: mistari kwenye kioo, picha inazimika ukisogeza kifuniko. Maneno hayo ni ya mkono wa kijana wenu, na nakala nimeiambatisha.

Fundi aliitazama akiwa amesimama, simu ya mteja mwingine ikiwa bado mkononi. Nusu dakika haikufika. Akasema, "Mama, ekra imekufa." Nikamuuliza kama ana hakika, akasema kazi hii anaifanya kila siku. Bei: kioo dola 70, kazi dola 15, jumla dola 85. Nikalipa zote siku hiyo hiyo, na hapo ndipo ilipokuja habari ya noti. Kijana wenu aliikataa noti yangu ya 20 kwa sababu ilikuwa na mpasuko pembeni, mdogo kama jino la panya. Aliinyanyua juu ya taa, akaigeuza, akaipapasa, akamwita mwenzake naye aitazame. Ikabidi nitoke nikatafute noti nyingine kwa wabadilishaji wa fedha. Sikuchukia, hapa Kongo tunajua wote noti iliyochanika inavyokurudia mkononi. Lakini tangu Jumatano nawaza hivi: noti ya dola 20 mliichunguza watu wawili chini ya taa, mashini ya kunilisha na watoto mliipa nusu dakika.

Niliichukua Ijumaa tarehe 17 Oktoba. Pale mezani kwenu ilikuwa safi kabisa, na kwa kweli kioo kipya kilikuwa na mwanga kuliko cha zamani. Nilishukuru, nikamwachia fundi ya soda. Mistari ilirudi Jumatatu tarehe 10 Novemba asubuhi, siku ya 24. Mbele yangu alikuwa amekaa mwanafunzi aliyetakiwa kuweka memwari yake kabla ya saa sita, kurasa 94, na orodha ya yaliyomo ilikuwa bado inakataa kukaa sawa. Mistari ikatokea upande ule ule wa kulia, ikatetemeka, ikazimika. Nikaweka kidole gumba chini kushoto, picha ikarudi. Nikamaliza memwari ya mtoto wa watu kwa mkono mmoja, mwingine umeshikilia kifuniko kama anayeziba bomba linalovuja.

Mimi si fundi, Baba, lakini jioni ile nilitulia nikaitazama kwa utaratibu. Kwanza niliunganisha laptopu na televisheni ya jirani kwa waya wa HDMI. Kwenye televisheni picha ilikaa safi zaidi ya nusu saa, hata pale kioo cha laptopu kilipokuwa kinatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Kwa hiyo sehemu inayotengeneza picha ndani ya mashini ni nzima. Pili, niliizima nikaiwasha upya, nikaona mistari inakuja tangu chapa ya kiwanda inapotokea, kabla Windows haijaanza. Basi si mambo ya programu wala virusi, maana kijana wenu alijaribu na hilo pia. Tatu, sikugusa kitu chochote isipokuwa kifuniko. Nikikiinamisha mbele, picha inapona. Nikikilaza nyuma, inaumwa. Kioo hakijui kama kimeinama au kimelala. Kinachojua ni kile kinachokunjwa kila ninapofungua na kufunga, yaani kebo ya picha inayotoka ubaoni, ikapita kwenye bawaba ya kushoto, ikapanda hadi nyuma ya kioo. Nyaya zake ni nyembamba kama unywele. Mashini hii inafunguliwa na kufungwa mara kumi kwa siku, kwa sababu umeme ukikatika naifunga ili betri isiishe. Miaka minne ya namna hiyo, waya unachoka.

Ndiyo maana haikuumwa mara tu baada ya kazi yenu. Fundi alipotoa kioo cha zamani alichomoa kebo ile, akaichomeka upya, akailaza vizuri. Ikapata nafuu ya wiki tatu, kama mtu aliyemeza dawa ya maumivu kumbe jino bado limeoza.

Sasa nifike kwenye jibu nililopewa Jumatano. Kijana wa mapokezi aliita fundi, fundi akasogeza kifuniko mbele na nyuma, akasema yeye mwenyewe, bila mimi kumfundisha: "Hii ni kebo." Nikafurahi, nikajua tumeelewana. Kijana akadakia: "Garanti yetu ni ya kioo, Mama. Kioo ni kizima. Kebo ni kitu kingine, ni dola 35 pamoja na kazi."

Nikamuuliza: kama kioo hiki kipya ni kizima na kinaonyesha mistari ile ile, kile cha zamani kilikuwa na kosa gani?

Hakunijibu. Akageukia mteja wa simu. Na wewe, Baba, nakuomba usigeuke, kwa sababu malalamiko yangu yote yamo katika swali hilo. Sikuja kwenu kununua kioo. Ningetaka kioo ningeuliza bei ya kioo. Nilikuja na mistari, mkaandika mistari, mkachukua pesa ya kuondoa mistari. Mlibadilisha kile kinachoonekana na macho, mkaacha kile kilichovunjika. Na kioo changu cha zamani mlibaki nacho, nilipokiuliza mwezi ule niliambiwa, "Utafanyia nini, Mama, hicho ni takataka." Kama kilikuwa kizima, si takataka, ni mali yangu.

Kazi yangu ni kuchapa, na wanafunzi wa sheria ndio wateja wangu wakubwa. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ile ambayo hadi leo inaitwa kitabu cha tatu cha sheria zetu za raia, nimeichapa mara nyingi kuliko jina la mtoto wangu. Kifungu cha 33 nakijua kwa moyo: mapatano yaliyofanywa kisheria ni sheria kwa wale walioyafanya. Mapatano yetu ni fakitire 0471. Juu imeandikwa tatizo, chini imeandikwa garanti ya miezi 3, maana yake hadi tarehe 17 Januari 2026. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba tatizo likirudi kupitia mlango mwingine mteja analipa upya. Mahakama ya amani ipo, lakini mimi na wewe tungemaliza pesa nyingi zaidi kwenye taksi kuliko bei ya kebo, na sitamani tufike huko.

Ninachoomba ni kwamba mfungue mashini mbele yangu, mezani, si kule nyuma ya pazia, mbadilishe kebo, na mtazame kama bawaba ya kushoto haijakaza mno, maana bawaba ikikaza inaisaga kebo mpya kama ilivyosaga ya zamani. Bila malipo, wala ya kazi wala ya kebo. Baada ya hapo iwake saa nzima, kifuniko kikisogezwa nafasi zote, siyo ile nafasi moja iliyo nzuri. Pia nataka kioo changu cha zamani. Kikichomekwa kwenye kebo mpya kikionyesha picha safi, basi mlinibadilishia kitu kizima, na hapo tutakaa tuongee juu ya dola 70: ama mnirudishie pesa mchukue kioo chenu, ama tupatane kwa njia nyingine ambayo mimi naikubali. Kama mmekwisha kukiuza au kukifungia mashini ya mtu mwingine, nayo pia ni jibu, maana hakuna anayefunga kioo kilichokufa.

Kuanzia tarehe 11 nimekuwa nikikodi mashini ya mwenzangu kwa dola 5 kwa siku. Hizo sizidai. Nazitaja tu ili ujue kwa nini sina muda wa kuambiwa "rudi kesho".

Laptopu haijafunguliwa na mtu mwingine. Kuna fundi wa mtaa wa Kenya aliyekuwa tayari kuifungua kwa bei ndogo, nikamkatalia, maana nilijua mngesema ni yeye aliyeharibu. Kile kibandiko chenu cheupe juu ya skrubu ya katikati bado kipo, na saini ya fundi inasomeka. Video nilizopiga tarehe 10 na 11, ya televisheni na ya kifuniko, ziko kwenye simu yangu, naweza kukuonyesha.

Nitafika kwenu Alhamisi hii, tarehe 20, saa tatu asubuhi, na mashini na fakitire ya kwanza. Ningependa kukukuta wewe mwenyewe. Kama siku hiyo haikufai, namba yangu ya simu iko kwenye fakitire, nipigie unipangie nyingine, lakini isizidi Ijumaa tarehe 28 Novemba. Na mwambie kijana wa mapokezi kwamba sina kinyongo naye. Alipewa maneno ya kusema, akayasema.

Wako katika heshima,

Mama Odette
Sekretaria ya barabara ya Kasapa

Nimeambatisha nakala ya fakitire namba 0471 ya tarehe 14 Oktoba 2025, pande zote mbili.