Mtihani wa Usimamizi wa Ukarimu: Uhandisi wa Menyu, pamoja na Mwongozo wa Kusahihisha

Muda: saa 2. Alama: 60. Jibu maswali yote. Kikokotoo kinaruhusiwa. Onyesha njia ya kila hesabu. Jibu tupu, hata likiwa sahihi, litapata nusu ya alama.

Maelezo ya mgahawa

Mgahawa wa hoteli moja hufungua jioni tu na una vyakula vikuu 8 kwenye menyu. Meneja mpya ametoa kwenye mashine ya mauzo takwimu za siku 30 zilizopita. Bei na gharama ni za sahani moja, kwa sarafu ileile. Gharama ni ya malighafi peke yake.

| Chakula | Sahani zilizouzwa | Bei | Gharama |
|---|---|---|---|
| Kuku wa kuchoma | 270 | 18.00 | 7.00 |
| Samaki wa kukaanga | 150 | 22.00 | 9.00 |
| Tambi kwa nyama ya kusaga | 264 | 13.00 | 4.00 |
| Wali kwa mboga | 180 | 10.00 | 3.00 |
| Steki ya ng'ombe | 102 | 30.00 | 15.00 |
| Kamba wa kuchoma | 60 | 32.00 | 16.00 |
| Saladi kubwa | 54 | 9.00 | 3.00 |
| Mchuzi wa kondoo | 120 | 20.00 | 9.25 |

Tumia mbinu ya Kasavana na Smith ya mwaka 1982: chakula kinahesabiwa kuwa maarufu kikifikia au kuzidi asilimia 70 ya fungu ambalo kingepata kama vyakula vyote vingeuzika sawa.

Swali la 1 (alama 12). Kokotoa mchango wa faida wa kila chakula kwa sahani moja na kwa siku zote 30. Kisha tafuta kipimo cha umaarufu na wastani wa mchango utakaotumia kama mstari wa kugawanya.

Swali la 2 (alama 8). Weka kila chakula katika fungu lake: Nyota, Farasi wa Plau, Fumbo au Mbwa.

Swali la 3 (alama 16). Mhasibu wa hoteli anasema: "Steki na kamba vinakula nusu ya bei yake kwa malighafi. Tukianza kwa kuondoa steki tu, asilimia ya gharama ya chakula itashuka, na hapo ndipo faida ilipo." Chukulia kwamba steki imeondolewa na wateja wake wote 102 wamehamia kwenye tambi.
(a) Onyesha kwa hesabu kama asilimia ya gharama itashuka kweli. (alama 6)
(b) Onyesha jumla ya mchango inakuwaje. (alama 4)
(c) Mwaka 1980 Miller alipanga vyakula kwa umaarufu na asilimia ya gharama. Kwa kutumia majibu yako ya (a) na (b), eleza kwa nini Kasavana na Smith waliweka mchango mahali pa asilimia. (alama 6)

Swali la 4 (alama 10). Meneja anataka kupandisha bei ya tambi kutoka 13.00 hadi 14.00. Anaweza kupoteza sahani ngapi kwa siku 30 bila jumla ya mchango wa tambi kuwa chini ya ilivyo sasa? Je, hatari inakuwa ileile ikiwa wanaoacha tambi wanaagiza wali badala ya kuondoka?

Swali la 5 (alama 14). Mpishi mkuu anamweleza meneja kwamba steki iliisha jikoni mapema sana, kiasi kwamba jioni 4 kati ya 30 haikuuzwa hata sahani moja. Je, steki ibaki katika fungu ulilolitaja kwenye Swali la 2? Toa hesabu, kisha pendekeza hatua moja tu ambayo meneja achukue kuhusu steki, na uitetee.

---

Mwongozo wa kusahihisha (kwa wasahihishaji tu)

*Swali la 1.* Michango kwa sahani, kwa mpangilio wa jedwali: 11.00, 13.00, 9.00, 7.00, 15.00, 16.00, 6.00, 10.75. Kwa siku 30: 2,970, 1,950, 2,376, 1,260, 1,530, 960, 324, 1,290. Jumla ni 12,660. Kipimo cha umaarufu ni 100 ÷ 8 × 0.70 = asilimia 8.75, yaani sahani 105 kati ya 1,200. Wastani ni 12,660 ÷ 1,200 = 10.55.

Mtego uko hapa. Mtahiniwa atakayejumlisha michango 8 na kugawa kwa 8 atapata 10.97, na mchuzi wa kondoo utamwangukia upande usio wake. Wastani lazima uzingatie idadi ya sahani zilizouzwa. Kata alama 3 hapa, lakini usimwadhibu mara ya pili kwenye Swali la 2 kama amefuata jibu lake kwa uaminifu.

*Swali la 2.* Nyota: kuku, samaki, mchuzi wa kondoo. Farasi wa Plau: tambi, wali. Fumbo: steki (asilimia 8.5), kamba. Mbwa: saladi.

*Swali la 3.* Sasa mauzo ni 21,258 na gharama 8,598, sawa na asilimia 40.4. Baada ya mabadiliko mauzo ni 19,524 na gharama 7,476, asilimia 38.3. Kwa hiyo mhasibu yuko sahihi kuhusu asilimia, na mtahiniwa anayemkanusha kwa hilo hajafanya hesabu. Ila mchango unashuka kwa 102 × (15 − 9) = 612, unabaki 12,048. Katika (c) tunatafuta hoja moja: mishahara na kodi ya jengo hulipwa kwa fedha, si kwa asilimia, na chakula chenye asilimia kubwa ya gharama kinaweza kuacha fedha nyingi zaidi kwa kila mteja. Anayesimulia historia bila kugusa tarakimu zake asipewe zaidi ya alama 2.

*Swali la 4.* Mchango mpya ni 10.00. Kufikia 2,376 zinahitajika sahani 238 (237.6 haiuziki), kwa hiyo anaweza kupoteza 26. Wanaohamia wali bado wanaacha 7.00 kila mmoja, hivyo hatari ni ndogo zaidi. Mpe alama ya ziada, ndani ya 10, anayesema kwamba Farasi wa Plau mara nyingi ndiye anayewaleta wateja mlangoni, na bei yake huangaliwa kuliko nyingine.

*Swali la 5.* Sahani 102 ÷ 26 × 30 ni takriban 118. Kama wateja hao 16 wangetoka kwenye vyakula vingine, mstari unabaki 105. Kama wangekuwa wapya, jumla ni 1,216 na mstari ni 106.4. Kwa vyovyote steki inaingia Nyota. Kubali pia anayesita na kusema siku 30 ni chache, mradi ameonyesha hesabu. Pendekezo linalopata alama kamili ni lile linaloshughulikia kuisha kwa steki, mfano kubadilisha kiwango cha kuagiza malighafi. Anayependekeza kupunguza bei amejaribu kutibu umaarufu ambao haukuumwa. Anayependekeza kuiondoa asome tena Swali la 3.