Vifurushi vya picha za harusi, Lamu: nini kimo, nini hakimo

Mliozoea karatasi yetu ya zamani mtakuta Lulu, Dhahabu na Almasi hazipo. Yalikuwa majina mazuri, lakini hakuna aliyeweza kujua kwa kuyasikia tu kama kupamba kumo au hakumo. Karatasi ile pia iliahidi "picha zote za harusi", na mama mmoja wa biharusi, aliyelipia akdi peke yake, akangojea picha za kupamba ambazo hazikupigwa. Hakukosea yeye, iliyokosea ni karatasi. Sasa kila kifurushi kinaitwa kwa kazi yake, na neno "zote" tumelifuta.

Yaliyo katika vifurushi vyote vitatu tunayasema mara moja hapa, hatutayarudia chini. Picha zote mnazopewa zimehaririwa: tumesawazisha mwanga na rangi, tumekata pembeni panapohitaji, tumeondoa zile ambazo mtu amefumba macho. Hatumpunguzi mtu unene wala kumbadilisha rangi ya ngozi. Chunusi iliyotoka juzi tunaifuta bila kuombwa. Mnapewa picha kwenye flashi, ukubwa kamili, bila jina letu juu yake, na mnaweza kuzichapisha popote. Picha ghafi, zisizohaririwa, hatutoi kwa bei yoyote. Nakala yenu tunaiweka mwaka mmoja, kisha tunaifuta.

AKDI: Ksh 30,000

Mpigapicha mmoja mwanamume, saa 3. Saa zinaanza anapofika kwa bwana harusi, si anapotoka kwake. Anapiga bwana harusi akivaa kanzu na joho, msafara wa kwenda msikitini, khutba, kutiwa sahihi, kisha bwana harusi akiingia kumpa mkono biharusi, na picha za familia mbili pamoja. Khutba ikiwa inasomwa hatumuliki taa. Kama akdi ni baada ya Isha, tarajieni picha za ndani ya msikiti kuwa na rangi ya taa zake.

Mnapata angalau picha 150, ndani ya siku 14. Hakuna kupamba, hakuna albamu, hakuna video.

AKDI NA KUPAMBA: Ksh 65,000

Yote ya kifurushi cha kwanza, kisha kinachoongezeka ni hivi: mpigapicha mwanamke kwa saa 4 za kupamba, na albamu moja ya kurasa 30, sentimita 30 kwa 30. Jumla angalau picha 350. Flashi ndani ya siku 21. Albamu wiki 6 baada ya nyinyi kuchagua picha, kwa sababu inachapishwa Mombasa na kurudi kwa basi hadi Mokowe, halafu boti. Mkichelewa mwezi mmoja kuchagua, albamu nayo inachelewa mwezi.

Upande wa kupamba nauandika kwa urefu kwa sababu ndiko maswali mengi yanakotoka. Anayepiga ni mke wangu. Mimi siingii, wala kijana wetu wa taa haingii, hata kubeba begi. Picha hizo zinabaki kwenye kadi zake na kompyuta yake, anazihariri yeye mwenyewe, na zinatoka kwenye flashi ya peke yake, mkononi mwa biharusi au mtu aliyemtaja yeye kwa jina. Hatumkabidhi bwana harusi, kaka wala mjomba aliyelipa, mpaka biharusi aseme. Kurasa za albamu nazo biharusi ndiye anayeamua: kupamba kuwemo, au albamu iwe ya akdi tu ili iweze kukaa sebuleni kila mgeni aione. Hakuna picha ya kupamba inayowekwa kwenye mitandao yetu, hata ya mkono wenye hina.

Katika saa 4 hizo anaanza biharusi akimaliziwa kuvishwa, anapiga akitolewa na kukaa jukwaani, mapambo yake kwa karibu (hina, dhahabu, asmini kichwani), kisha biharusi na somo, mama, mashangazi na marafiki. Wageni waliokaa chini hawapigwi uso kwa uso ila waombe wenyewe. Vugo likianza mapema, kabla ya saa zake, hilo halimo, ongezeni saa.

SIKU TATU: Ksh 140,000

Hapa ndipo watu hukwama, wakidhani tofauti na kifurushi cha pili ni video tu. Zinazoongezeka ni nne. Kwanza, usiku wa hina, saa 3, mpigapicha mwanamke, kwa masharti yaleyale ya kupamba. Pili, asubuhi baada ya harusi, maharusi wawili peke yao, saa 2, kwenye vilima vya mchanga vya Shela au katika vichochoro vya Mkomani. Tunaanza saa 12 na nusu, maana saa 3 jua la mchangani humfanya kila mtu akunje uso. Tatu, video. Nne, albamu ya pili, ambayo kwa kawaida huwa ya wazazi.

Video ni mbili, na hazichanganywi. Ya akdi na ya asubuhi ni dakika 20 hadi 25, pamoja na kipande cha dakika 3 cha kutuma kwenye simu. Ya hina na kupamba inapigwa na wanawake wawili, inakaa kwenye flashi yake, na haina kipande cha kutuma. Jumla ya picha ni angalau 600. Picha siku 30, video siku 45.

Droni haimo katika kifurushi chochote. Inataka kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na uwanja wa ndege wa Manda uko ng'ambo tu ya mlango wa bahari.

Mkitaka kuongeza kitu bila kupanda kifurushi: saa moja ya mpigapicha mmoja ni Ksh 4,000, video ya akdi tu, Ksh 20,000, albamu ya ziada, Ksh 18,000. Kwa hiyo anayetaka Akdi na Kupamba pamoja na video ya akdi analipa Ksh 85,000, hana haja ya kuchukua Siku Tatu.

Bei hizi ni za Lamu mjini na Shela. Matondoni, Kipungani na Manda, mnatulipia boti kwenda na kurudi. Pate, Siyu na Faza, boti pamoja na mahali pa kulala usiku mmoja: njia ya Mkanda hungojea maji, na hatuwezi kuahidi kurudi usiku uleule.

Nusu ya pesa hushika tarehe, nusu hulipwa mkesha wa siku ya kwanza ya kazi. Mkihamisha tarehe na kutuarifu siku 14 kabla, hamlipi kitu, lakini ni kwa mara moja tu. Mkivunja kabisa, nusu ya kwanza hairudi.

Mnapotuandikia, tajeni kifurushi kwa jina, msikiti, nyumba ya kupamba, na saa ya kila shughuli. Harusi za Mfungo Mosi, andikeni pia kama tarehe yenu ni ya kalenda au inafuata mwezi. Ukiandama siku moja baadaye, tunataka kujua kama tufike Jumamosi au Jumapili.